Matini Fiche na Urundikaji wa Maneno Msingi katika Wasifukazi: Ubainishaji Wake na Athari Zake mbele ya Jopo la Wasomaji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kubaini hila mbili zinazojitokeza katika wasifukazi unaowasilishwa kwa njia ya kielektroniki. Ya kwanza ni matini fiche, yaani maandishi yaliyopakwa rangi nyeupe au kupunguzwa ukubwa hadi yasionekane. Ya pili ni urundikaji wa maneno msingi yaliyochotwa kutoka tangazo la kazi. Mfano mkuu unatokana na maombi ya kazi ya ufasiri jijini Kigali. Inaoneshwa kwamba hila ya kwanza hubainika kwa kulinganisha kile jicho linachosoma na kile programu inachokitoa ndani ya faili, na kwamba mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili hutoa kigezo cha kubaini hila ya pili. Aidha, makala yanajadili hali ambamo dalili hizo humpotosha mchunguzi, pamoja na sababu zinazomfanya mwombaji apoteze nafasi mbele ya wasomaji binadamu.

Maneno Msingi: matini fiche, wasifukazi, urundikaji wa maneno, mofolojia, uchujaji wa maombi

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa jopo la watu watano lililochagua mfasiri wa Kinyarwanda na Kiswahili kwa taasisi moja jijini Kigali. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kazi za namna hii hutangazwa mara kwa mara, na waombaji huwa wengi. Maombi yalipokelewa kwa mfumo wa kompyuta unaotoa matini katika kila faili, ukahesabu maneno yanayolingana na tangazo, na ukapanga waombaji kwa alama. Katibu wa jopo, badala ya kuchapisha faili za waombaji zenyewe, alichapisha matini iliyotolewa na mfumo. Hapo ndipo jambo lilipodhihirika. Chini ya wasifukazi wa mwombaji aliyeshika nafasi ya pili tulikuta tangazo letu wenyewe, neno kwa neno, mara mbili, pamoja na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi na sentensi inayowahimiza watu wenye ulemavu kuomba.

Wajumbe walicheka. Kisha tukamwondoa mwombaji huyo kwa kura tano kwa bure, nami nikiwa mmoja wa waliopiga kura hizo. Faili lake tulilifungua baadaye kidogo, na katika skrini hapakuwa na chochote mahali pale ila nafasi tupu ya nusu ukurasa.

Mwombaji alipiga simu kuuliza kwa nini hakuitwa. Ilibainika kwamba hakujua kwamba maandishi hayo yamo. Alikuwa amepeleka wasifukazi wake katika duka la uchapaji karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, akalipa, akaambiwa kuwa umeboreshwa ili upite kwenye kompyuta. Alikuwa na uzoefu wa miaka minane wa kufasiri nyaraka za afya. Kazi tulikuwa tumekwisha kumpa mtu mwingine.

Tukio hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Swali lake si tu namna ya kuinasa hila, bali pia namna ya kuisoma dalili bila kumhukumu asiyehusika.

2.0 Chimbuko na Utendaji wa Hila

Hila hii haikuzaliwa katika wasifukazi. Katika miaka ya 1990 wenye tovuti waligundua kwamba mitambo ya utafutaji huhesabu maneno bila kujali rangi yake, wakaanza kuandika maneno meupe juu ya usuli mweupe. Mitambo ilijifunza kuadhibu. Mnamo Februari 2006 Google iliiondoa kwa muda katika matokeo yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW kwa sababu ya kurasa zilizosheheni maneno msingi ambazo msomaji wa kawaida hakuoneshwa. Watafiti nao hawakusalimika. Julai 2025 gazeti la Nikkei la Japani liliripoti kuwepo kwa makala tangulizi 17 katika hifadhi ya arXiv zilizobeba maelekezo yaliyofichwa kwa weupe au kwa herufi ndogo mno, yakiiagiza programu itakayozisoma itoe tathmini nzuri. Tusidhani, basi, kwamba tunazungumzia udhaifu wa watafuta kazi peke yao.

Ili kuelewa kwa nini hila hujifichua, ni lazima kutenganisha tabaka mbili za faili. Faili la PDF huhifadhi herufi kama data, na kando yake huhifadhi amri za namna ya kuzichora: fonti gani, ukubwa gani, rangi gani. Amri `1 1 1 rg` humaanisha kwamba kinachofuata kichorwe kwa rangi nyeupe, na amri `3 Tr` humaanisha kwamba herufi zisichorwe kabisa ingawa zimo. Faili la Word, kwa upande wake, ni furushi la mafaili madogo, na ndani ya lile liitwalo `word/document.xml` rangi nyeupe huandikwa `FFFFFF`, ilhali maandishi yaliyofichwa kwa makusudi hubeba alama `<w:vanish/>`. Mfumo wa kuchuja maombi huchukua tabaka la data na kuliacha tabaka la uchoraji. Hiyo ndiyo sababu huyahesabu maneno meupe. Hata hivyo, kwa sababu hiyo hiyo, mfumo ukimwonesha afisa ajira matini uliyoitoa, humwonesha maneno hayo kwa wino mweusi kama mengine yote. Aliyemshauri mwombaji kupaka rangi nyeupe alijua nusu ya kwanza ya utaratibu huu, nusu ya pili hakuijua.

3.0 Kubaini Matini Fiche

Njia nyepesi haihitaji ujuzi wowote. Msomaji afungue faili, achague maandishi yote, ayanakili na kuyabandika katika programu ya maandishi matupu isiyohifadhi rangi wala ukubwa. Kila kilichofichwa kwa rangi au kwa ukubwa kitaonekana. Katika Word kuna kiashirio kingine ambacho wasomaji wa Kiswahili hukutana nacho zaidi kuliko wengine: kompyuta nyingi za ofisi zetu zimewekwa kusahihisha Kiingereza au Kifaransa, hivyo karibu kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, na mstari huo hubaki mwekundu hata neno likiwa jeupe. Nimewahi kuona nusu ukurasa uliodhaniwa mtupu ukiwa na misururu ya mistari myekundu isiyo na maneno juu yake.

Jopo lenye maombi mengi huhitaji njia ya kudumu, nayo ni kulinganisha usomaji wa aina mbili. Usomaji wa kwanza hutoa data iliyomo. Wa pili huchora ukurasa kuwa picha, kisha programu ya kutambua herufi husoma picha hiyo kama jicho lingeisoma. Kwa zana huria za Poppler na Tesseract, ambayo ina faili la mafunzo la Kiswahili, hatua ni hizi:

```
pdftotext wasifu.pdf data.txt
pdftoppm -r 300 -png wasifu.pdf ukurasa
tesseract ukurasa-1.png jicho -l swa+eng
```

Amri ya mwisho hurudiwa kwa kila ukurasa. Faili `data.txt` likiwa na maneno mengi kuliko matokeo ya usomaji wa picha, kuna kinachopaswa kuelezwa. Lakini mlinganisho wa neno kwa neno hauna manufaa hapa, kwa kuwa programu ya kutambua herufi hukosea: husoma “rn” kuwa “m”, huruka nukta, huunganisha maneno mawili. Makosa hayo hutawanyika, moja hapa, moja pale. Matini fiche huja kwa mkupuo. Kwa hiyo kinachotafutwa ni mfuatano usiokatika wa maneno kumi au zaidi ambao umo katika data na haumo katika picha.

Kwa ajili ya makala haya niliunda faili la mfano nikiiga lile la mwombaji wetu. Wasifukazi wenyewe ulikuwa na maneno 386. Tangazo la kubuni lilikuwa na maneno 158, nikalibandika mara mbili kwa rangi nyeupe na ukubwa wa pointi moja. Usomaji wa data ulitoa maneno 702, yaani ziada ya maneno 316, ambayo ni 158 mara mbili bila kubaki. Ziada inapogawanyika hivyo kwa urefu wa tangazo, hakuna haja kubwa ya kuendelea kutafuta.

Kuna hali tatu ambamo dalili hizi hupotosha. Ya kwanza na iliyo muhimu zaidi ni waraka uliopitishwa kwenye skana. Skana nyingi hutengeneza picha ya karatasi na kuweka chini yake tabaka la maandishi yasiyochorwa, kwa amri ile ile ya `3 Tr`, ili waraka uweze kutafutwa maneno. Anayetafuta amri hiyo peke yake atamshuku kila mwombaji aliyeskani vyeti vyake. Mlinganisho wa picha na data huondoa hatari hii, kwani maneno ya tabaka lile yanaonekana pia katika picha. Hali ya pili ni muundo wenye safu ya rangi iliyokoza ambamo jina na anwani huandikwa kwa rangi nyeupe. Hapo weupe upo lakini maficho hayapo, na picha huthibitisha, ingawa programu ya kutambua herufi wakati mwingine hushindwa kusoma herufi nyeupe juu ya buluu, hivyo ni lazima mtu aangalie kwa macho yake. Ya tatu ni mabaki ya kiolezo: sentensi moja au mbili za maelekezo zilizoachwa na aliyekisanifu, kwa kawaida kwa lugha ya kigeni na zisizohusiana na kazi inayoombwa.

4.0 Urundikaji Unaoonekana na Ushahidi wa Kitenzi

Hila ya pili haifichi kitu. Mwombaji huweka aya ya “ujuzi” yenye maneno arobaini, au huyarudia maneno ya tangazo katika kila sentensi. Kwa Kiingereza wachunguzi hutumia hesabu ya marudio: neno likizidi kiwango fulani katika jumla ya maneno, faili hutiliwa shaka. Kwa Kiswahili hesabu hiyo huharibika pande zote mbili, na hapa ndipo mtaalamu wa lugha ana la kusema.

Chukua tangazo linalotaka “tafsiri”. Mwombaji mkweli huandika: “Nilitafsiri mwongozo wa chanjo kutoka Kinyarwanda, nikaupitia pamoja na wauguzi wawili, toleo lililosahihishwa likatafsiriwa upya mwaka uliofuata.” Mfumo unaotafuta neno kamili “tafsiri” hautaona hata mfano mmoja katika sentensi hiyo, kwa sababu shina limevikwa viambishi vya nafsi, njeo na kauli. Mwombaji mwingine huandika: “Tafsiri, huduma za tafsiri, mtaalamu wa tafsiri, tafsiri bora.” Huyo hupata alama nne. Mfumo uliosanifiwa kwa lugha yenye viambishi vichache humwadhibu anayeandika Kiswahili fasaha na kumtuza anayeorodhesha nomino. Sioni ajabu kwamba maduka ya uchapaji yaligundua jambo hili kabla yetu.

Marekebisho ya upande wa mfumo ni kutafuta shina badala ya neno, huku tukikumbuka kwamba maneno yenye asili ya Kiarabu huweza kuwa na maumbo mawili ya shina moja:

```
grep -oiE '[a-z]*(tafsiri|fasiri)[a-z]*' data.txt
```

Amri hii hutoa “nilitafsiri”, “likatafsiriwa”, “mfasiri” na “ufasiri” kwa pamoja. Mwombaji mkweli sasa anahesabiwa, na kishawishi cha kurundika hupungua.

Orodha hiyo hiyo huwa pia chombo cha ubainishaji. Mtu anayeeleza kazi aliyoifanya hutumia vitenzi vilivyonyambuliwa: kuna nafsi, kuna njeo, na baada ya kitenzi kuna yambwa, yaani kitu kilichotafsiriwa. Anayerundika hutumia nomino tupu na vitenzi jina, kwa kuwa amevichota katika tangazo ambako hakuna aliyefanya chochote bado. Katika faili langu la mfano, sehemu inayoonekana ilikuwa na maneno 9 yenye shina hilo, na 6 kati yake yalikuwa vitenzi vyenye nafsi na njeo. Sehemu fiche ilikuwa na maneno 22, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kitenzi cha namna hiyo.

Kigezo hiki kina mipaka, nami nisingependa kitumike kama mizani ya dhahabu. Wasifukazi wa Kiswahili kwa desturi hupenda vichwa vya nomino: “Mhariri, 2015–2018”, “Ukalimani wa mikutano”. Nomino tupu si kosa. Kinachotazamwa ni kama nomino imefungamanishwa na mwaka, mahali au waraka. “Ukalimani wa mikutano ya ushirika wa wakulima, Musanze, 2019” ni nomino, lakini inaweza kuulizwa swali kwenye usaili. “Ukalimani, mkalimani, stadi za ukalimani” haiulizwi chochote. Pia mtu aliyesomea Kifaransa maisha yake yote na kuandika Kiswahili kwa mara ya kwanza atapendelea nomino kuliko mzawa wa Nyamirambo aliyekulia ndani ya Kiswahili. Tofauti hiyo ni ya lugha, si ya uaminifu.

5.0 Kinachotokea mbele ya Msomaji

Mwombaji akiuliza kama hila hizi husaidia, jibu la kweli ni kwamba huweza kumvusha kwenye kichujio cha kwanza, kama yule wetu alivyovushwa hadi nafasi ya pili. Hasara huanza hapo. Msomaji wa jopo hutafuta nani alifanya nini, wapi, na kwa kiwango gani. Aya ya maneno arobaini haimpi hata kimoja kati ya hivyo, na kibaya zaidi huchukua theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza, ikiusukuma uzoefu halisi hadi ukurasa wa pili ambao msomaji aliyechoka huupitia kwa haraka. Katika kazi za lugha hasara ni maradufu, kwa sababu wasifukazi wenyewe ni sampuli ya uandishi. Mfasiri anayeandika sentensi zisizo na vitenzi amekwisha kufanya mtihani wake wa kwanza bila kujua.

Matini fiche hudhuru kwa namna nyingine. Katika jopo letu, mara tu tangazo lilipokutwa chini ya ukurasa, mjumbe mmoja alirudi juu na kuanza kutilia shaka kila tarehe. Miaka minane ya nyaraka za afya, ambayo dakika tano kabla ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu kama sifa kuu, sasa ilisomwa kama madai. Hakuna aliyepiga simu kwa mdhamini hata mmoja. Msomaji wa nyaraka hana kingine cha kumjua mwombaji ila waraka, na waraka unaosema mambo mawili kwa wasomaji wawili humnyima msingi wa kuamini lolote kati ya hayo.

Ninaeleza mwenendo huu, siutetei. Baada ya ile simu nilirudi kwenye mafaili na kuangalia taarifa zake kwa amri ya `pdfinfo`, ambayo huonesha jina la aliyesajiliwa kama mwandishi wa faili. Halikuwa jina la mwombaji. Jina hilo hilo lilikuwa katika mafaili mengine matatu, na yote matatu yalibeba tangazo letu kwa weupe, likiwa na kosa lile lile la tahajia ambalo halikuwamo katika tangazo la awali. Hayo matatu hayakufika kwenye orodha fupi, hivyo hakuna aliyeyachapisha wala kuyacheka. Waombaji wanne wasiofahamiana hawawezi kukosea neno moja kwa namna moja. Aliyebandika alikuwa mtu mmoja.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kwa washauri wa sera, jambo la kuanzia ni kwamba Rwanda imekwisha kutunga Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, inayogusa pia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Kenya ina kifungu kinachofanana na hicho, cha 35, katika Sheria yake ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Alama ya “faili limeshukiwa” inayomwondoa mwombaji bila mtu kuiangalia inaingia moja kwa moja katika eneo hilo. Programu inaweza kuonesha ziada ya maneno. Haiwezi kusema ni nani aliyeiweka.

Katika mchakato uliofuata tuliomba mambo mawili yabadilike. Kwanza, alama zote za maneno zihesabiwe katika matini inayotokana na picha ya ukurasa, si katika data, ili maneno yasiyoonekana yasimwongezee mtu chochote na wala yasihitaji kuadhibiwa. Pili, faili lenye mfuatano uliofichwa likiwa la mwombaji anayestahili kwa sehemu inayoonekana, katibu amwandikie, ambatanisho likiwa nakala ya maandishi yaliyokutwa, na kumpa siku tatu za kueleza na kuleta wasifukazi mwingine. Ombi la kwanza lilikubaliwa mara moja, kwani halikuwa na gharama. La pili lilibishaniwa sana. Mjumbe mmoja alisema tunawapa nafasi ya pili walaghai. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mlaghai naye atasema kwamba ni duka lililobandika. Nilijibu kwamba mwombaji huyo bado atalazimika kufasiri ukurasa mmoja mbele yetu, bila kompyuta, na hapo maneno meupe hayatamfaa.

Nililipelekea lile duka la Nyabugogo nakala ya kilichokutwa. Kijana aliyekuwa kwenye mashine aliitazama, akanirudishia. “Mwalimu,” akaniambia, “wateja wangu hawalipi ili wasomwe na ninyi. Wanalipa ili wafike kwenu.”